Manung'uniko ya majirani: utajuaje penye biashara?

*Nilistaafu ualimu mwaka jana na ninaishi Kahawa West. Kila jioni majirani hupita kwangu wakilalamika: maji, mizigo, watoto, homuwaki. Mwanangu anasema humo mna biashara, mimi naona ni manung'uniko tu. Nitajuaje, na nianze vipi bila kuchoma kiinua mgongo changu?*

Mwalimu, ukitaka kujua lalamiko lipi lina biashara ndani yake, muulize mlalamikaji siku ile alifanya nini. Usimuulize kama angependa kusaidiwa, maana hapo kila mtu atasema ndiyo. Muulize alitoka vipi katika tatizo lile na ilimgharimu nini. Aliyelalamika kisha akaenda kulala hana pesa za kukupa. Aliyelalamika lakini akalipa mtu, akakosa ovataimu au akamwomba ndugu kwa mara ya tatu mwezi huo, huyo tayari ananunua kitu, ila anakinunua kwa shida.

Nitakueleza habari za mwalimu mwenzako wa Umoja niliyemshauri, kwa sababu alianza palepale ulipo wewe. Alifundisha shule ya msingi hadi akafikisha miaka 60, akabaki katika nyumba yake ya kupanga, ghorofa ya chini, mlango wa kwanza ukiingia getini. Kwa kuwa alishinda nyumbani, ploti nzima ilimfanya mlinzi wa funguo. Wakirudi kutoka kazini kuchukua funguo, walisimama mlangoni wakaeleza ya siku. Maji ya mgao yalikuja saa nne asubuhi na hakukuwa na mtu wa kuyakinga. Kifurushi kutoka nyumbani kililetwa hadi getini kikarudishwa. Shule ilitaka mtoto aende kesho na karatasi zilizochapishwa, na saa hiyo ni saa mbili usiku. Fundi alipiga simu akiwa mlangoni, mwenye nyumba yuko kazini.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshaamua: angetoa sehemu ya kiinua mgongo anunue mashine ya fotokopi, kwa sababu lalamiko la karatasi za shule ndilo alilolisikia mara nyingi zaidi. Nilimwomba asubiri wiki sita. Nikamwambia achukue daftari la kawaida la mistari, kila lalamiko aliandike siku ileile, kwa maneno ya mwenyewe, na pembeni aweke mambo matatu: tatizo lilitokea saa ngapi, mtu alifanya nini, na alitoa kiasi gani. Asiseme kwamba anatafuta biashara. Watu wakijua unatafuta biashara huanza kukupa mawazo badala ya kukupa habari zao.

Wiki sita ni muda mfupi kwa mwalimu lakini hutosha kuona mwisho wa mwezi mara moja au mbili. Hilo ni muhimu, kwa sababu malalamiko ya tarehe 25 si ya tarehe 5. Mwisho wa mwezi kila kitu ni ghali. Mshahara ukiingia, nusu ya manung'uniko hupotea yenyewe. Lalamiko linalobaki hata wiki ya mshahara ndilo la kufuatilia.

Tulipofungua daftari, mambo hayakuwa kama alivyodhani. Maji yaliongoza kwa wingi, lakini safu ya "alifanya nini" ilikuwa ileile kila mara: alinunua mitungi kwa mtu wa mkokoteni, basi. Tatizo lina mwenye kulitatua, anapita barabarani kila siku, na bei yake watu wameizoea. Karatasi za shule vilevile: kulikuwa na saiba tatu kutoka getini hadi stejini, na waliolalamika walikuwa wamechelewa kusoma ujumbe wa mwalimu wa darasa, hawakukosa mahali pa kuchapisha. Mashine yake ingekuwa ya nne barabara hiyohiyo.

Lakini palikuwa na jambo ambalo watu walilitaja mara chache, tena kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wanazungumzia kitu kingine. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alilalamikia bei ya bodaboda. Ukisoma vizuri, bodaboda huyo alikuwa akimchukua mtoto shuleni na kumpeleka mamake kazini, akae nyuma ya kaunta hadi jioni. Baba mmoja alilalamika kwamba msimamizi wake amemnyima ovataimu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiomba kutoka mapema. Mwingine alimlalamikia binti wa jirani anayemlipa shilingi 100 kwa siku amkalie mtoto, kwamba siku nyingine binti haonekani. Mwingine alikuwa na dada wa kazi wa mwezi mzima, ingawa watoto wote wawili wanashinda shuleni, kwa ajili ya saa chache za jioni tu.

Hakuna hata mmoja aliyesema wazi, "Sina mahali pa kumweka mtoto." Nadhani ni kwa sababu walikuwa wakizungumza na mwalimu. Mzazi haoni haya kulalamikia maji, ila huona haya kumwambia mwalimu mstaafu kwamba mtoto wa Gredi ya Tatu anakaa kwenye ngazi hadi saa moja usiku. Weka hilo moyoni unaposikiliza: lalamiko lenye aibu ndani yake hutajwa nusunusu, na mara nyingi ndilo ghali kuliko yote.

Kisha tukapanga upya daftari zima kwa saa badala ya kwa mada, na hapo ndipo uzi ulipoonekana. Kifurushi, fundi, funguo, mtoto, hata karatasi za shule, vyote viliishia mahali pamoja: kati ya mchana na jioni hakuna mtu mzima nyumbani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mzazi anayefanya kazi Eneo la Viwanda hutoka saa kumi na moja, na jioni ya mvua Barabara ya Jogoo humfikisha Umoja saa moja usiku. Katikati pana saa tatu na zaidi, siku tano kwa wiki, ambazo kila familia inazilipia kwa namna yake. Mwalimu alikuwa na vitu vinavyotakiwa hapo: yuko nyumbani, yuko ghorofa ya chini, na wazazi wanamwamini hata kabla hajafungua mdomo.

Huduma tuliyoiandika ilikuwa ya sentensi moja: mtoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Sita anapokewa akitoka shule, anapewa uji na kitu cha kutafuna, anafanya homuwaki yake, anakaa salama hadi saa moja. Nilisisitiza neno "tuisheni" lisitajwe. Ukiuza tuisheni, mzazi ataipima kwa alama, na muhula mtoto akishuka utalaumiwa wewe. Ukiuza saa tatu za usalama na homuwaki iliyokwisha, mzazi atazipima kila jioni kwa macho yake. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kupewa tuisheni ya likizo, kwa hiyo usijenge hesabu yako juu ya Aprili, Agosti na Desemba. Wiki za masomo kwa mwaka hazifiki 40. Katika hesabu zetu tulitumia 37.

Sasa ikaja kazi ya kujaribu kwa pesa. Katika daftari kulikuwa na familia tisa zilizogusa jambo la watoto. Aliongea na kila moja peke yake. Saba zilisema ni wazo zuri sana, Mungu ambariki. Akawaambia bei, na kwamba anayetaka atume pesa za wiki ijayo kwa M-Pesa kabla ya Jumapili jioni. Walituma wanne. Ndiyo maana nasema usihesabu sifa. Kama angeamini wale saba angenunua viti vya watoto saba. Alipoona wanne, viti vya nyumbani kwake vilitosha na hakutoa hata shilingi moja ya kiinua mgongo.

Bei yenyewe haikutoka hewani. Daftari lilionyesha watu wanalipa nini tayari: binti wa jirani 100 kwa siku bila chakula, bodaboda zaidi ya hapo. Tukaweka 120 kwa siku, uji ukiwemo, lakini inalipwa kwa wiki nzima, 600. Kwanini kwa wiki? Kwa sababu ukitoza kwa siku, mzazi atamwacha mtoto kwako Jumatatu na Jumanne, Alhamisi atamwomba shangazi, na wewe umeshapika. Unachouza ni nafasi ya mtoto, na nafasi haipungui bei mtoto akikosa kuja.

Tuangalie hesabu kwa utulivu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Uji wa wimbi, sukari, na ndizi au kiazi kitamu viligharimu kama shilingi 25 kwa mtoto kwa siku, yaani 125 kwa wiki. Gesi, sabuni, maji na karatasi tuliweka 200 kwa wiki, na 25 zaidi kwa kila mtoto. Kwa watoto wanne anapokea 2,400, anatumia 500 za chakula na 300 za vitu vingine, anabaki na 1,600. Kwa watoto sita anapokea 3,600, matumizi 1,100, anabaki na 2,500. Hadi hapo anaweza kuwa peke yake.

Mtoto wa saba anabadilisha mambo. Kwa maoni yangu mtu mmoja mwenye umri wa miaka 60 na kitu hawezi kuwaangalia watoto saba, jiko likiwaka na mmoja akiwa chooni. Lazima awe na msaidizi, na yule aliyempata alilipwa 250 kwa jioni, 1,250 kwa wiki. Piga hesabu: saba wanaleta 4,200, toa 875 za chakula, 375 za vitu vidogo na 1,250 za msaidizi, kunabaki 1,700. Amepata mteja mpya, ameongeza kazi, na mfukoni amepungukiwa na 800. Kwa watoto wanane anabaki na 2,150, bado chini ya alipokuwa na sita. Ni mtoto wa tisa anayemfikisha 2,600 na kumrudisha pale alipokuwa. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba akifika sita asimame, aandike majina ya wanaosubiri, na asifungue mlango tena hadi wafike watatu wanaoanza wiki moja. Wazazi hawakuchukia. Kusubiri nafasi kuliwafanya walioko ndani walipe kwa wakati.

Sebule yake ilitosha watoto 12. Hapo anapokea 7,200, anatumia 3,250 pamoja na msaidizi, anabaki na 3,950 kwa wiki, ambayo kwa wiki 37 ni 146,150 kwa mwaka. Nakutajia ili uone ukubwa wa jambo lenyewe. Ni pesa za kuongezea pensheni, si za kujengea nyumba. Anayetaka zaidi ya hapo atahitaji chumba cha kukodi, na kodi ya chumba hula mwaka mzima ilhali watoto wanakuja wiki 37. Mimi singekushauri uende huko mwaka wa kwanza, wala wa pili.

Mambo yaliyomsumbua hayakuwa yale aliyoyaogopa. Aliogopa utovu wa nidhamu, watoto walimtii. Kilichomuumiza ni saa moja jioni. Mzazi mmoja akichelewa hadi saa mbili mara tatu kwa wiki, mwalimu amefanya kazi saa tatu bure, na chakula chake cha jioni kimepoa. Kuomba kwa upole hakukusaidia kwa sababu ni kweli barabara ilikuwa imefungana. Tuliweka shilingi 50 kwa kila nusu saa baada ya saa moja, ikitumwa usiku uleule, bila maelezo wala lawama. Waliochelewa kwa sababu ya foleni waliendelea kuchelewa na kulipa. Waliokuwa wakipitia sokoni kwanza walianza kufika mapema.

Jambo la pili ni nani anamchukua mtoto. Siku moja alikuja kijana akasema ametumwa na baba wa mtoto, na mtoto alimjua. Mwalimu alikataa, akapiga simu kwa mama. Kijana alikuwa mjomba wa kweli, lakini mama hakuwa na habari. Tangu hapo kila familia iliandika majina mawili au matatu ya watu wanaoruhusiwa, pamoja na namba zao za simu, na asiye kwenye orodha haondoki na mtoto hata mwalimu akipigiwa simu na mzazi mwenyewe, mpaka mzazi atume ujumbe kutoka kwa namba iliyoandikwa. Ukurasa huohuo uwe na chakula asichokula mtoto, dawa anazotumia na kituo cha afya cha karibu. Mlango wa sebule ubaki wazi watoto wakiwemo, na mtoto asiachwe faragha na mtu mzima yeyote, msaidizi wako akiwemo. Umefundisha, unajua kwa nini.

La tatu ni mwenye ploti. Mzungumzie kabla hujapokea mtoto wa kwanza. Mikataba mingi ya nyumba za kupanga hairuhusu biashara ndani, na wanapokuja watoto 12 kunawa mikono, bili ya maji itasema hata kama wewe hukusema. Mwalimu wa Umoja alikubaliana na wake kuongeza kiasi kidogo cha maji kila mwezi, na kwamba watoto hawatacheza kwenye ngazi. Akaandika, wote wawili wakatia sahihi.

Upande wa serikali, Kaunti ya Nairobi hutoa kibali kimoja cha biashara kilichounganisha leseni zilizokuwa zikilipiwa mbalimbali. Uliza katika ofisi ya kaunti ndogo yako unaingia katika kundi gani kabla ya kulipa. Usipokee watoto wachanga kwa huruma. Wale wanaobaki siku nzima wanakuingiza katika sheria ya kaunti ya vituo vya kulea watoto ya mwaka 2017, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye ukaguzi wake. Kuhusu KRA, kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaanzia mauzo ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na wewe uko mbali nayo. Hata hivyo mapato haya lazima yaonekane kwenye ritani yako kabla ya tarehe 30 Juni. Ukishaanza kupokea pesa, usijaze tena ritani ya sifuri.

Vile vifurushi na funguo vilivyoanzisha yote? Aliviweka kando muhula mzima. Baadaye akakubali kupokea vifurushi vya familia zilizo na watoto kwake tu, bila malipo, na watu wa nje akawakatalia. Nilikubaliana naye. Kifurushi cha mtu usiyemjua kikipotea, jina lako la miaka mingi linaenda nacho, kwa faida ya shilingi 50.

Kwako Kahawa West daftari linaweza kusema jambo jingine kabisa. Huenda saa zako zikawa za alfajiri, kwa wazazi wanaowahi gari kabla shule haijafungua geti, na hapo huduma ni fupi, haina uji mwingi, na unaweza kuifanya peke yako na watoto zaidi. Huenda zisikusanyike pamoja kabisa. Kama baada ya wiki sita malalamiko yametawanyika, huyu saa tatu, yule saa nane, na safu ya pesa iko tupu, funga daftari na uendelee kuwa jirani mwema. Hutakuwa umetumia zaidi ya bei ya daftari.

Ukiona saa zimekusanyika, usianze wiki ya kwanza ya muhula. Wiki hiyo wazazi wametoka kulipa karo na sare, shule nyingine huwaachilia watoto mapema, na utajifunza mambo yasiyo ya kweli kuhusu wateja wako. Zungumza na familia wiki hiyo, pokea pesa Jumapili, fungua mlango Jumatatu ya wiki ya pili. Uwe muhula wa kwanza au wa pili, kwa sababu wa tatu ni mfupi na utafunga kabla hujajua kama wazazi wangerudi. Na kama una daftari lolote nyumbani, andika leo hii lalamiko la jirani atakayefuata kugonga mlango, na usisahau saa.